Niko Mpanda, warsha zote ziko Dar

Shikamoo Mzee wa Ramani. Nina miaka 26, nilisoma stashahada ya upimaji ardhi Tabora, sasa nipo nyumbani Mpanda. Mchana nauza steshenari na kuchapa barua za watu. Mara mbili tatu kwa mwaka mpimaji mwenye leseni huja huku akanichukua nimsaidie uwandani. Akiondoka, kazi nayo inaondoka. Wenzangu waliobaki Dar kila mwezi naona picha zao wakiwa kwenye warsha, wanajuana na watu, wanaitwa kazini. Mimi tangu nimalize chuo sijahudhuria mkutano hata mmoja wa fani yangu, maana nauli na malazi ni zaidi ya ninachopata kwa mwezi. Nimo kwenye makundi matano ya WhatsApp ya wapimaji. Humo ni salamu za asubuhi na michango ya harusi. Nimewaandikia watu wakubwa mtandaoni, "naomba koneksheni", hakuna aliyejibu. Nina simu ya Android na kompyuta ya dukani. Nihamie Dar nikaanze upya, au kuna namna ya kufahamika nikiwa hapahapa?

Mpimaji wa Mpanda

*

Marahaba, binti. Nauli ya Dar iache kibindoni kwanza. Kesho mchana duka likipoa, fungua openstreetmap.org kwenye kompyuta, isogeze ramani mpaka Mpanda, ikuze mpaka mitaa ionekane, kisha bofya History. Pembeni itatokea orodha ya watu waliogusa ramani ya eneo hilo: jina analotumia mtu, lini aliigusa, na sentensi moja ya alichofanya. Wachache humo ni wapita njia waliohariri nchi kumi kwa mpigo. Utawajua kwa sababu kisanduku cha kazi yao kinafunika nusu ya Afrika. Hao waruke. Waliobaki, andika kumi wa karibuni kwenye daftari. Hiyo ndiyo warsha yako ya kwanza, na haina kiingilio.

Nakupeleka huko kwa sababu fani yetu ina bahati ambayo mhasibu wa wilayani hana. OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kila aina tangu 2004, na kila mstari uliomo una mwenyewe. Ukifungua historia ya barabara unaona walioigusa na tarehe, na unaweza kuwaandikia papo hapo. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilishika kasi mwaka 2015. Dar kulikuwa na Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka kata kwa kata pamoja na wenyeji, wakirekodi mitaro, nyumba na vichochoro kwa ajili ya mafuriko. Mwaka huohuo ikaanza Crowd2Map, yenyewe ikielekeza macho vijijini. Angalia tofauti, maana ndimo ilimo nafasi yako. Mchoraji wa Dar alikanyaga tope la mtaro anaouchora. Vijijini sehemu kubwa ilichorwa na watu wa kujitolea walio mbali, wengi nje ya nchi, wakitazama picha za setilaiti.

Picha ya setilaiti inaona bati, ila haijui kama chini yake kuna zahanati au ghala la mahindi. Inaona njia, ila haijui kwamba njia hiyo kuanzia Desemba mpaka Aprili haipitiki. Jina la mto, la kitongoji, la shule, hakuna picha inayolisema. Kwa hiyo yupo mtu mahali fulani ambaye alikaa jioni nzima akichora nyumba za upande wenu, akabaki na maswali ishirini ambayo wewe unaweza kuyajibu ukiwa juu ya bodaboda. Ulipoandika "naomba koneksheni", mpokeaji alisoma deni. Huyu wa kwenye orodha ya History wewe ndiye unayempelekea kitu.

Sasa namna ya kukipeleka. Chagua kata moja. Ukisahihisha vitu arobaini vilivyotawanyika mkoa mzima, hakuna atakayekuona. Vitu hivyohivyo arobaini vikiwa kwenye kata moja, kila anayefungua ramani ya hapo atakutana na jina lako mara kwa mara mpaka ajiulize huyu ni nani. Kwenye simu weka StreetComplete. Inakuuliza maswali mepesi kuhusu mahali uliposimama: barabara hii ni ya lami au ya udongo, jengo hili lina ghorofa ngapi. Ishushe ramani ya kata usiku ukiwa na intaneti nafuu, tembea mchana bila bando, na kwenye mipangilio izuie kutuma chochote mpaka ukutane na Wi-Fi. Programu hii ina upungufu mmoja kwa lengo letu: maelezo ya kazi inajiandikia yenyewe, kwa hiyo sauti yako haisikiki. Itumie kukusanya. Mambo mazito, kama majina, madaraja na barabara zilizokosewa, yaandike kwenye daftari uje uyaingize kwa kompyuta ya dukani kupitia kihariri cha kwenye tovuti, kinachoitwa iD.

Ukibofya kuhifadhi, iD itakuomba maelezo ya kazi uliyofanya. Vijana wengi huandika neno moja, au nukta. Ni kupoteza nafasi, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa na kila atakayefungua History baada yako. Iandike namna hii:

```
Nimeongeza majina ya vitongoji 4 na visima 6,
nimevitembelea mwenyewe kwa pikipiki. Visima 2 havitoi maji.
```

Kwenye sehemu ya chanzo chagua `survey` au `local knowledge`. Halafu chini ya hapo kuna kisanduku kidogo ambacho karibu kila mtu hukipita: kinauliza kama ungependa mtu mwingine akague kazi yako. Kiweke tiki. Kazi yako itabandikwa alama `review_requested=yes`, na wapo wahakiki wazoefu wanaopita kila mara kutafuta alama hiyo. Kwa mtu wa Mpanda hicho kisanduku ni mlango. Mhakiki atakayekuja atakukosoa: umetumia alama isiyo sahihi, umeweka kisima juu ya paa. Mshukuru, rekebisha siku hiyohiyo, kisha umjibu umefanya nini. Nimeona urafiki wa miaka ukianzia kwenye kisima kilichowekwa juu ya paa.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Usinakili jina wala barabara kutoka Google Maps, hata kama una hakika ni sahihi. Leseni haziruhusu, kazi yako itafutwa, na kwenye jamii hii jina likichafuka kwa wizi wa data ni kazi kulisafisha. Macho yako, GPS yako na midomo ya wenyeji vinatosha.

Niruhusu nikusimulie yangu, maana na mimi sikuanzia mjini. Nilikuwa Tunduru, fundi wa kompyuta, na rafiki yangu dereva alikuwa amepotezwa na ramani ya simu mpaka ukingoni mwa mto ambako hakuna daraja. Nilipoifungua ramani nikakuta barabara imechorwa ikivuka mto moja kwa moja, tena imewekwa alama `bridge=yes`. Hasira ilinijia, nikataka kufuta kila kitu. Bahati nzuri sikufuta. Nilikwenda kwenye furushi la mabadiliko la yule aliyechora (skrini huliita Changeset) nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

"Habari. Asante kwa kuchora barabara za upande huu, zamani palikuwa patupu. Daraja uliloweka kwenye mto huu halipo. Watu huvuka majini kiangazi, na masika hawavuki kabisa. Nimekwenda jana, nina picha. Naomba nibadilishe niweke kivuko cha maji. Una mahali pengine ulipokuwa na shaka?"

Siku tisa kimya. Siku ya kumi akajibu, mwanafunzi wa Ulaya, akaeleza kwamba kwenye picha aliona mstari mweupe juu ya maji akadhani ni zege. Ulikuwa mchanga. Nikaondoa daraja, nikaweka `ford=yes` mahali pa kuvukia, pamoja na maelezo ya masika. Lakini lililonifaa ni lile swali la mwisho. Alinitumia sehemu sita alizokuwa na shaka nazo. Nilizimaliza kwa wikiendi mbili, akaleta nyingine, kisha akanitambulisha kwa mwanamke mmoja aliyekuwa msimamizi wa mradi wao, na huyo baada ya miezi minane akanipigia simu: kuna shirika linatafuta mtu wa kuzungukia vituo vya maji kusini, siku kumi na mbili, nani yuko huko? Nilikuwa huko.

Mwaka ule niliwaandikia watu kumi na wanne. Watano walijibu, na wawili ndio walionibadilishia maisha. Kwa hiyo wewe nawe usihesabu kimya kuwa ni dharau. Wengi walichora mara moja kwenye tukio la chuo, hawakurudi tena, na barua pepe waliyojiandikishia hawaifungui. Ukiona mtu hajahariri chochote kwa mwaka mzima, mpite. Mtafute aliyehariri mwezi huu.

Mambo matatu kwenye ule ujumbe wangu yaangalie. Ulianza na shukrani kwa kazi halisi. Ulibeba habari ambayo yeye asingeweza kuipata kwa njia nyingine. Na uliishia na swali ambalo kulijibu ni dakika mbili. Haukuwa na ombi la kazi, wala wasifu, wala "nimemaliza chuo mwaka fulani". Wasifu uweke kwenye ukurasa wako wa mtumiaji: mistari minne, kwamba uko Mpanda, umesomea upimaji, unaongea Kiswahili na lugha gani nyingine ya huko, una uwezo wa kufika kata zipi. Anayevutiwa na kazi yako atabofya jina lako mwenyewe. Andika kwenye maoni ya wazi ya furushi kuliko ujumbe wa siri, ili na wengine wakuone. Kwa Mtanzania mwenzako andika Kiswahili. Wapo wengi na watafurahi.

Mlango wa pili ni tasks.hotosm.org, ambako Timu ya kibinadamu ya OpenStreetMap hugawa eneo la kuchora katika vipande. Mmoja anachora kipande, mwingine anakihakiki. Tafuta mradi wowote unaogusa magharibi ya nchi. Kama hakuna ulio wazi, chukua wa mkoa mwingine wenye mazingira kama ya kwenu, kwa sababu mtu wa Katavi anatambua boma, tanuru la tumbaku na mbuga ya msimu kwenye picha ambapo mtu wa mbali anaona madoa tu. Kila mradi una sehemu ya maswali, na una taasisi iliyouanzisha. Uliza swali moja la maana kuhusu eneo, na lijibu la mwenzako unaloliweza. Fanya hivyo wiki nane, vipande viwili vitatu kwa wiki, utajikuta unawajua wahakiki kwa majina. Hapo ndipo uombe kuingizwa kwenye kundi lao la WhatsApp au Telegram. Ukiingia kundini ukiwa na kazi nyuma yako, salamu za asubuhi zinageuka mazungumzo. Na humo ndimo watakapokuambia matawi ya YouthMappers ya vyuoni yanafanya nini. Hawa ni wanafunzi ambao kesho ndio maafisa kwenye miradi, na wana shida moja kubwa, hawana mtu uwandani.

Sasa nirudi kwenu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wa mtandaoni hukwama. Wakishafahamika nje wanasahau kwamba thamani yao yote ni kule kufahamika nyumbani. Shirika likikupigia leo na kusema tunahitaji vituo vyote vya maji vya kata fulani ndani ya siku kumi, swali si kama una GPS. Swali ni kama mtendaji wa kata atapokea simu yako, kama mwenyekiti wa kitongoji atakubali utembee na simu ukipiga picha visima bila kuitiwa sungusungu. Mimi nilikaa saa tatu kwenye ofisi ya kijiji nikihojiwa napigia picha nini, siku ambayo sikuwa na barua. Tangu hapo sitii hata mguu mmoja uwandani bila barua ya utambulisho yenye mhuri wa mtendaji.

Namna rahisi ya kuijenga njia hiyo unayo dukani: printa. Ukimaliza kata yako, chapa ramani ya A3 yenye majina ya vitongoji, shule, zahanati na visima, ipeleke kwa mtendaji iwe yake ukutani. Ni ofisi gani imewahi kumpa ramani ya kata yake yenye majina yote? Atakuonyesha makosa mawili matatu, utarekebisha, utaleta nyingine. Kisha fika RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019, na TARURA wanaoshughulikia barabara za vijijini na mijini. Usiende kuomba kazi. Nenda na karatasi yenye visima visivyotoa maji na uulize kama inalingana na orodha yao. Mhandisi mmoja akishaona kwamba karatasi yako ina kitu ambacho hakijafika mezani kwake, umepata mtu. Ndipo siku shirika la Dar litakapouliza "nani anaweza kutusaidia huko", jina litatajwa kutoka sehemu mbili tofauti, na zote mbili litakuwa lako.

Nisikufiche mabaya. La kwanza ni kazi ya bure isiyoisha. Kujitolea kwa ajili ya kata yako ni sawa. Lakini mtu akikuambia nenda kijiji fulani, siku fulani, jaza fomu hii kwenye KoboToolbox, hiyo ni ajira hata ikiitwa "fursa ya kujifunza". Kabla hujawasha pikipiki taka kwa maandishi: siku ngapi, posho ya siku, nauli ya bodaboda, bando, na data itakuwa ya nani. Mwenye nia njema hujibu jioni hiyohiyo. Anayekwepa kuandika hata ujumbe wa WhatsApp mwache. Na yeyote anayekuomba wewe utume pesa ya "usajili" ili upewe kazi ya ramani, ni tapeli. Hakuna anayelipia kuchora OpenStreetMap.

La pili ni vitu visivyopaswa kuwekwa kwenye ramani. Crowd2Map ilifanya kazi kubwa Mara ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe usiku na kupelekwa kwenye nyumba salama. Unaelewa kwa nini si kila kitu kinachosaidia kufika mahali kinafaa kuwa wazi kwa kila mtu. Jina la mwenye nyumba, mahali wanapohifadhiwa wahanga, chanzo cha maji cha matambiko ambacho wazee hawataki kitajwe, viache. Mtu wa mbali anaweza kukusukuma uweke kila kitu kwa sababu kwake ni nukta tu. Wewe ndiye utakayekutana na wazee hao sokoni.

La tatu linahusu taaluma yako. Simu mahali pa wazi hukosea kwa mita kadhaa, tatu mpaka tano hivi, na chini ya miembe au kando ya ukuta hukosea zaidi. Kwa kisima na shule inatosha. Kwa bikoni haitoshi kabisa, na upimaji wa mipaka ni kazi ya mpimaji mwenye leseni kwa mujibu wa sheria. Jirani akikusikia ni "mtu wa ramani" atakuja akuombe umwonyeshe mpaka wake kwa simu. Kataa, mpe namba ya yule mpimaji wako anayekuja mara mbili tatu kwa mwaka. Humo mna faida ya pembeni: mpimaji anayeletewa wateja na msaidizi wake huanza kupiga simu mwenyewe kabla ya safari.

Na ukiona nukta zako zote zimekaa mita kumi kulia ya nyumba zilizochorwa, usianze kuhamisha nyumba za watu. Mara nyingi ni picha ya setilaiti iliyosogea, hasa kwenye miinuko. Pima sehemu tatu zilizo wazi, kama njia panda, ulinganishe. Kama zote zimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, andika maoni kwa wachoraji wa eneo hilo uwaonyeshe vipimo. Hilo nalo ni jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kuligundua, na kwa aliyesomea upimaji ndiyo namna ya kujitambulisha bila kutaja cheti.

Kuhusu mikutano: sikuzuii kwenda, nakuzuia kwenda mapema. Mkutano mkuu wa dunia wa jamii hii, State of the Map, ulifanyika Nairobi Septemba 2024, na ule wa Afrika ulianzia Kampala mwaka 2017. Mikutano hii huwa na ufadhili wa safari kwa wachache, na fomu zake huuliza umefanya nini. Mtu mwenye miezi minane ya kata moja, majadiliano yanayosomeka, na ramani ukutani kwa mtendaji ana la kujaza. Pata pasipoti mapema, maana ufadhili hutangazwa na kufungwa haraka. Ukikosa, sikiliza vipindi vinavyorushwa mtandaoni, kisha mwandikie mzungumzaji mmoja tu, swali moja tu, likihusu alichosema na kata yako. Na siku utakapoingia ukumbini, utakuwa unakwenda kusalimiana na watu ambao kwa mwaka mzima mmekuwa mkibishana kuhusu visima. Mimi nilifika mkutano wangu wa kwanza Dar mwaka 2018, kwenye FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, na yule mwanamke wa simu ya siku kumi na mbili alinitambua kwa jina langu la kwenye ramani kabla sijamtajia la kweli.

Wenzako wanaopiga picha kwenye warsha usiwaache. Chagua wawili unaowaamini, uwapigie mara moja kwa mwezi, siyo kuuliza kama kuna kazi, bali kuwaambia umekuta nini uwandani na kuwauliza ofisini kwao wanahangaika na nini. Wao wanasikia tangazo kabla halijatoka. Wewe una uwanda ambao wao wameanza kuusahau.

Umeuliza kama uhame. Jipe msimu mmoja, tangu kiangazi hiki mpaka masika yaishe, saa nne kwa wiki. Ikifika mwisho wa masika na huna hata watu watatu wa nje mnaojibizana kwa kazi, wala ofisi moja hapo Mpanda inayokutafuta, niandikie tena tuangalie Dar kwa macho mengine. Kwa sasa anza na kata iliyo karibu na dukani, usafiri usikumalize. Ukifika kisimani, simama, subiri ule mduara wa buluu kwenye simu uwe mdogo kabla ya kurekodi, na muulize mama anayechota kisima hicho wanakiitaje. Jina atakalokutajia andika kama alivyolitamka.